Barua Isiyo na Machozi

Katika kiwanda cha kahawa kilichokuwa mwisho wa mji wa Bunia, njia ya kwenda Bogoro, barua za kuomba nyongeza ya mshahara zilikuwa na kaburi lao, na kila mfanyakazi alilijua. Kaburi hilo lilikuwa kona ya juu ya karatasi, upande wa kushoto. Hapo mkurugenzi aliandika kwa biki nyekundu neno moja la Kifaransa, Vu, yaani nimeona, na chini yake jingine, Impossible, yaani haiwezekani. Siku akiwa amekula vizuri aliongeza la tatu, Conjoncture, ambalo Mzaire yeyote wa miaka ile alilielewa hata kama hakuwahi kukalia benchi la shule: hali ni ngumu, rudi kazini. Karatasi ilirudi kwa mwenyewe siku ileile, na habari ikaisha hapo.

Mkurugenzi alibatizwa Sébastien, ila majina ya ubatizo yalikuwa yamefukuzwa kwenye karatasi za serikali, basi mbele yake watu walisema Citoyen Direkta, yaani mwananchi mkurugenzi, na nyuma yake wakasema Biki Nyekundu. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo. Siku ya mshahara aliingia ofisini kwa mlango wa nyuma, uliopitia kwenye ghala la magunia, akatoka kwa mlango huohuo wakati watu wameshakwenda. Wengi walisema ni kiburi. Mchaguzi mmoja wa kahawa, Mama Marcelline, peke yake ndiye aliyesema si kiburi, ni woga, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutaniana na kila mtu, hakuna aliyemsadiki.

Lakini Mama Marcelline alikuwa na macho. Kuchagua kahawa miaka mingi kunampa mtu macho: unakaa mbele ya meza ndefu, punje zinamwagwa, na vidole vinatoa nyeusi, iliyovunjika, iliyotobolewa na mdudu, pamoja na jiwe ambalo mkulima amelisahau kwa makusudi. Kwa macho hayo alimwona mkurugenzi siku alipogongana uso kwa uso uani na Wivine, mchaguzi mwenzake, aliyekuwa akilia kwa sababu mtoto wake ana homa. Wivine hakuwa ameomba kitu. Mkurugenzi alitoka jasho, akatazama kushoto na kulia kama mbuzi aliyefungiwa, halafu akaamuru gari lake mwenyewe limpeleke Wivine na mtoto hospitali. Mwezi huohuo Wivine alimwandikia barua ya kuomba advansi kidogo ya mshahara, na barua ikarudi na biki nyekundu. Mama Marcelline akayaweka mambo hayo mawili pamoja, akacheka peke yake hadi wenzake wakamuuliza anacheka nini.

Alikuwa mjane, Mualur wa upande wa Mahagi. Mumewe, dereva wa lori, alimleta Bunia akiwa bado msichana, akampangia nyumba mtaa wa Nyakasanza, kisha akafa na kumwachia nyumba hiyo ya kupanga pamoja na redio isiyoshika stesheni. Mama Marcelline hakurudi kwao. Aliingia kuchagua kahawa, na mshahara wa mchaguzi ulitosha kwa kodi, unga, majani ya sombe na mchango wa kanisa, mradi usiwe na tamaa.

Halafu mwaka ule wa themanini na tatu, mwezi wa tisa, serikali ikaishusha thamani ya pesa. Waliosoma walieleza redioni kwamba ni dawa chungu kwa nchi. Sokoni dawa hiyo ilionekana kwenye sabuni, kwenye chumvi, kwenye mafuta ya mawese, vyote vikapanda kwa pamoja. Mshahara peke yake ulibaki umekaa pale ulipokuwa, na mwenye nyumba naye akaanza kupita jioni kusalimia, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

Jambo jingine lilikuwa linamchoma Mama Marcelline kuliko hilo. Msimu uliopita, shefu, yaani msimamizi, wa ukumbi wa kuchagulia, bwana mmoja aliyeitwa Xavier, aliaga kwamba anakwenda Mongbwalu kumjulia hali shemeji yake, naye akaonja dhahabu ya migodi ya huko na hakurudi tena. Asubuhi iliyofuata mtu alihitajika kufungua ukumbi, na Mama Marcelline akaufungua. Siku ya pili akagawa meza. Wiki ya tatu ndiye aliyekuwa akichota kahawa kwenye kila gunia kuikagua kabla ya kushonwa, na kutia saini lori linapopakiwa kwenda Mombasa. Kazi yote ya Xavier ilikuwa mikononi mwake, ila kwenye orodha ya mishahara alikuwa bado mchaguzi kama siku aliyoingia.

Na huko Mahagi-Port, kaka yake Firmin, mvuvi mwenye wake wawili na kauli nyingi, alikuwa ametuma neno kwa dereva wa lori la samaki. Alisema ametenga chumba nyuma ya nyumba yake, pembeni ya zizi, dada arudi nyumbani, aache kuhangaika mjini kama mtu asiye na ukoo. Lilikuwa neno la upendo, Mama Marcelline alilijua hilo. Lakini alijua pia namna Firmin anavyowahesabu watu anaowalisha mbele ya wageni: wake, watoto, mbuzi, na sasa dada. Alimjibu kaka kwamba atampa jibu kabla ya Noeli. Moyoni aliapa kwamba asipopata mshahara wa kazi anayoifanya, atafunga mizigo yake na kwenda kuhesabiwa. Aliogopa chumba kile kuliko alivyoogopa njaa.

Basi jioni moja alikwenda kwa Muzee Isidore.

Muzee Isidore alikuwa mwandishi wa barua karibu na soko la Nyakasanza. Alikuwa na mashine ya kupiga chapa iliyobakizwa na Wabelgiji, meza yenye mguu mmoja mfupi, na sifa iliyovuka mto Shari: barua zake zilitoa machozi. Alijua kupanga watoto kwa umri, mdogo na mgonjwa akija wa mwisho. Alijua mahali pa kumweka mama mkwe kipofu. Mtu asiye na mama mkwe kipofu aliazimwa mmoja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa shida, wa pili shida zaidi, na mwishoni kabisa, baada ya salamu za kizalendo, ndipo kiasi cha pesa kilipotajwa kwa herufi na kwa tarakimu. Barua zote za kiwanda zilizokufa kwa biki nyekundu zilizaliwa kwenye meza ile, na Muzee Isidore hakuona kosa lolote. Yeye alilipwa kwa ukurasa.

Mama Marcelline alimweleza anachotaka. Barua iseme kwamba anaomba kuonana na mkurugenzi, ili wazungumze juu ya kupitia upya mshahara wake. Iseme kwamba yuko tayari siku yoyote baada ya kazi, au Jumamosi asubuhi, saa itakayomfaa mkurugenzi. Kisha ashukuru, amalize. Tena karatasi iachwe nafasi kubwa upande wa kushoto.

Muzee Isidore alingoja. Alipoona hakuna kinachofuata, alivua miwani.

"Hii barua iko namna gani, Mama? Haiko na mutoto, haiko na mugonjwa, hata franga unataka ngapi haiko. Direkta atalia juu ya nini?"

"Miye sitaki alie, Muzee. Minataka aniite."

Hapo yalianza mabishano yaliyowakusanya wauza karanga. Muzee Isidore alisema barua isiyotaja kiasi ni kama mtu anayebisha hodi halafu anakaa kimya. Mama Marcelline akamjibu kwamba huyo ndiye hasa anayefunguliwa mlango, kwa kuwa mwenye nyumba anataka kujua ni nani. Mzee akasema jina lake litaharibika mjini. Mama akasema asilitie. Mzee akadai bei ya kurasa mbili kwa sababu ya maumivu ya moyo. Mwishowe alipiga chapa, kwa vidole viwili na kwa hasira, akamkunjia barua vizuri na kuitia kwenye bahasha.

Mama Marcelline aliifungua palepale. Masista wa Mahagi walimfundisha Kifaransa cha kutosha kugundua mtoto asiye wake, na kweli, chini ya saini, Muzee Isidore alishindwa kujizuia: kulikuwa na mistari minne midogo yenye yatima sita, paa linalovuja, na ombi la kuongezewa mshahara mara mbili. Mama Marcelline alimtazama. Mzee akaangalia mguu mfupi wa meza yake.

Alimfanya aandike tena, akakaa mbele yake mpaka karatasi ikatoka safi, nyeupe upande wote wa kushoto.

Asubuhi alimkabidhi Hilaire, sekretari wa mkurugenzi, kijana mwembamba aliyeshika pia orodha ya mishahara na ambaye hakuna barua iliyompita bila kuisoma kwanza. Hilaire aliisoma, akaigeuza, akatazama nyuma, akachungulia ndani ya bahasha kama mtu aliyeuziwa debe lisilojaa. Kisha akaingia nayo ndani.

Mkurugenzi alichukua biki nyekundu kama desturi. Hilaire alisimulia baadaye, tena kwa watu wengi, kwamba biki ilikwenda hadi kwenye kona, ikasimama, ikainuka, ikarudi, na kusimama tena. Angeandika Impossible, ni nini hakiwezekani? Kuzungumza? Hakuna mtu aliyeomba pesa. Hakuna kiasi cha kukataa, hakuna mama mkwe wa kupewa pole. Kulikuwa na mfanyakazi mmoja anayeomba saa ya kuonana, kwa adabu, na nafasi nyeupe pembeni inayomtazama. Mkurugenzi aliiweka barua chini ya kitu cha kubania karatasi, akaitoa, akaisoma mara nyingine. Mwishoni akamuuliza Hilaire kwa sauti yake ndogo, huyu mama anataka ngapi?

Hilaire hakujua, na mtu anayejua kila kitu akikosa kujua kimoja, hapati usingizi. Mchana alipita ukumbini, akashika kahawa kiganjani kama mnunuzi, akamwambia Mama Marcelline kwamba angeweza kumsaidia, mradi amnong'oneze tu hiyo namba, aitengenezee njia. Mama Marcelline akamshukuru sana kwa moyo wake mzuri. Akamwambia namba yake ni yenye aibu, haitembei peke yake bila mwenyewe.

Siku ya pili alikuja mwingine mkubwa zaidi. Mama Hélène, mke wa mkurugenzi, ambaye kwa kawaida alimtuma mtumishi sokoni, alionekana mwenyewe mbele ya wauza samaki wa Nyakasanza jioni, saa ileile Mama Marcelline anapopita. Walisalimiana mpaka salamu zikaisha. Mama Hélène alisikitikia bei ya sabuni. Mama Marcelline naye akaisikitikia. Mama Hélène akasema siku hizi mtu hawezi kuishi bila kiasi fulani kwa mwezi, akanyamaza ili kiasi hicho kijazwe na mwenzake. Mama Marcelline akakubali kwamba kweli, bila kiasi fulani mtu hawezi, akachagua samaki mmoja mkavu, akamtakia usiku mwema. Njia nzima hadi nyumbani alijizuia kucheka, na alipofunga mlango akacheka mpaka akakaa chini.

Ukumbini, kimya chake kilikuwa kimepata watoto. Wivine alisema ameota Mama Marcelline anapanda gari la mnunuzi mwingine wa kahawa, yule Mgiriki aliyekuwa akijenga hangari mpya ya kahawa ng'ambo ya mji. Kufika mchana ile ndoto ilikuwa habari, na jioni ilikuwa habari yenye ushahidi. Mfunga magunia mmoja alimuuliza waziwazi kama ni kweli Mgiriki amemwita. Mama Marcelline akamjibu ukweli wenyewe, kwamba hajaongea na Mgiriki hata siku moja maishani. Alilisema kwa upole mno, na hakuna aliyemwamini. Ukweli ukisemwa na mtu mtani, nao unachukuliwa kuwa utani.

Habari hiyo ilipanda hadi ofisini, kwa kuwa Hilaire alikuwa na masikio. Mkurugenzi alikaa akifikiria malori mawili ya Mombasa ya wiki ijayo, na nani atayatilia saini, na nani mwingine ukumbini anayeweza kukagua gunia kwa mkono.

Usiku Mama Marcelline hakucheka. Mchana utani ulimbeba, lakini akishazima taa alikuwa mjane mwenye kodi, na aliogopa. Alifikiri labda Muzee Isidore ndiye aliyekuwa sahihi, labda barua ilikuwa fupi mno, labda iko chini ya gunia mahali fulani na hakuna atakayemwita. Alijiona kule Mahagi-Port, kwenye chumba pembeni ya zizi, Firmin akiwaambia wageni, na huyu ni dada yangu, Bunia ilimshinda. Noeli ilikuwa karibu.

Barua ilirudi Ijumaa. Hilaire aliileta mwenyewe ukumbini, ameishika kwa vidole viwili, na meza zote zikaacha kuchagua. Kwenye kona palikuwa na biki nyekundu, ila maneno hayakuwa yale. Yalisema: Jumamosi, saa nne. Wanawake waliipokezana barua ile meza kwa meza, hata wasiojua kusoma waliitazama ile rangi nyekundu kwa muda. Mmoja aliuliza kama ni kweli wino uleule. Mama Marcelline aliikunja, akaiweka kifuani, akawaambia warudi kwenye kahawa, mawe hayatajitoa yenyewe.

Jumamosi alivaa kitenge chake cha kanisani. Alipoingia, mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma ya meza, na Hilaire yuko pembeni na orodha ya mishahara. Mama Marcelline alisalimia, kisha akauliza kama anaweza kukaa. Hilo alikuwa amelipanga: mtu aliyesimama anaweza kuambiwa neno mlangoni na kugeuzwa, ila aliyekaa ni mgeni. Mkurugenzi akatoa ishara kwenye kiti.

Mkurugenzi alitaka kumaliza upesi. Alianza kusema kwamba anajua maisha ni magumu, kwamba yeye pia ana watoto, kwamba bei za Kinshasa hazipangwi Bunia. Alikuwa amejiandaa kwa machozi, hilo lilionekana, maana leso ilikuwa tayari mezani upande wa mgeni. Mama Marcelline alimsikiliza yote. Hakuigusa leso. Ndipo mkurugenzi akauliza lile lililomnyima raha wiki nzima.

"Basi, Mama, unataka ngapi?"

Mama Marcelline alisema kwamba kwenye pesa watafika, ila kabla ya pesa anaomba waongee juu ya kazi. Akamweleza polepole, bila malalamiko. Alimweleza nani hufungua ukumbi asubuhi. Nani hugawa meza, nani hukagua gunia kabla ya kushonwa, saini ya nani iko kwenye karatasi za malori. Hakusema kwamba anafanya vizuri. Alisema tu yanayofanyika, kama mtu anayemwaga kahawa mezani na kumwachia mwenzake aichague. Kisha naye akauliza swali lake.

"Citoyen Direkta, Xavier alienda tangu musimu ile ingine. Kazi yake, nani iko anaifanya?"

Mkurugenzi alimtazama Hilaire. Hilaire akatazama orodha, ingawa jibu halikuwa humo. Mkurugenzi, ambaye kwa karatasi angemjibu hata Baba Mtakatifu kwamba haiwezekani, alianza kutoka jasho kwenye shingo.

"Ni weye," alisema.

Mama Marcelline akasema basi ombi lake ni hilo tu: kazi anayoifanya iandikwe kwa jina lake, aitwe shefu wa ukumbi, alipwe kama shefu alivyokuwa akilipwa. Akaongeza kwamba, ikiwezekana, alipwe pia tofauti ya miezi yote tangu Xavier aondoke.

Hapo mkurugenzi alipata nguvu kidogo. Alisema miezi iliyopita hapana, haiwezekani kabisa, vitabu vya mwaka vimeshafungwa na vimepelekwa Kinshasa. Alilisema neno haiwezekani kwa raha kubwa, kama mtu aliyekutana na rafiki yake wa zamani. Mama Marcelline akainamisha kichwa akakubali. Alikuwa ameiweka miezi ile pale kwa sababu hiyohiyo. Mtu aliyezoea kukataa lazima umpatie kitu cha kukataa, la sivyo ataugua.

Lililobaki lilikuwa lile la ushefu. Hakukuwa na barua mbele ya mkurugenzi, kulikuwa na uso. Akaweka sawa vitu vya mezani. Halafu uso wake ukang'aa, kwa kuwa alikuwa ameona mlango wa nyuma.

"Ni muzuri, Mama. Uko na haki. Sasa, hayo yote umesema, yaandike kwa barua, uniletee. Nitaiangalia."

Hilaire, kule pembeni, aliteremsha macho. Alijua, na kila mtu katika kiwanda kile angejua, maana ya neno hilo. Barua ingekuja na ushefu ndani yake na mshahara ndani yake, mkurugenzi akiwa peke yake na biki yake, mama akiwa mbali kwenye meza za kahawa. Jumatatu mchana ingerudi na maneno mawili kwenye kona.

Mama Marcelline naye alijua. Akaona chumba cha Firmin, akasikia mbuzi. Lakini mkono wake ulikuwa umeshaingia kifuani, ukatoa barua ile fupi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya meza na kuilainisha kwa kiganja. Kulikuwa na mistari yake michache upande wa kulia. Kulikuwa na Jumamosi, saa nne, juu kabisa. Chini yake, hadi mwisho wa karatasi, palikuwa peupe.

"Barua iko hapa, Direkta. Miye nilishaandika yangu. Hii nafasi niliacha ni ya yako."

Na kwa kuwa hakuinuka, wala hakulia, wala hakusema neno jingine, ila alikaa tu anamtazama kwa heshima, mkurugenzi alitafuta mahali pa kuweka macho yake na hakupaona. Angalau karatasi haikuwa na uso. Akaiinamia, akachukua biki nyekundu, na mkono wenyewe ukaenda kwenye kona ulikozoea. Aliandika Vu. Aliandika Accordé, neno ambalo Hilaire hakuwahi kuliona kwa mwandiko ule, maana yake imekubaliwa. Akaandika shefu wa ukumbi, daraja la Xavier, kuanzia mwezi wa kwanza. Akatia saini, akagonga muhuri, kisha akafuta shingo kwa ile leso aliyokuwa amemwekea mgeni.

Mama Marcelline alimshukuru, akamwomba Hilaire anakili kwenye orodha palepale, yeye akiwa bado amekaa. Hilaire akaandika haraka, na mara mbili alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Kuanzia wiki iliyofuata, meza ya Muzee Isidore ilizingirwa. Watu wa kiwanda, wa posta, hata katekista mmoja, wote walitaka barua fupi yenye nafasi kubwa kushoto. Muzee Isidore aliwaandikia, akiwaeleza kwamba namna hiyo ameivumbua mwenyewe baada ya kutafakari sana, na kwamba barua fupi ni ghali kuliko ndefu kwa sababu ina kazi ya kujizuia. Mkurugenzi naye alianza kuingia kwa mlango wa nyuma hata siku zisizo za mshahara. Mama Marcelline, akiwa shefu sasa, ndiye aliyekuwa na ufunguo wa ghala la magunia, na kila alipomfungulia alimsalimia kwa adabu zote na kumuuliza hali ya Mama Hélène.

Siku mbili kabla ya Noeli, lori la samaki lilikuwa linarudi Mahagi-Port tupu. Dereva alipita kiwandani kumuuliza Mama Marcelline kama amekwisha kufunga mizigo, maana Firmin amemwagiza amletee dada na vitu vyake, na chumba kimeshapakwa chokaa. Mama Marcelline alimpa furushi: sabuni, sukari, kitambaa kwa kila mke wa kaka yake ili wasigombane. Dereva akangoja ujumbe. Alijua jinsi watu wanavyotuma ujumbe kwa ndugu, akazima injini kabisa ili asipoteze mafuta.

Mama Marcelline alifikiri kidogo, huku mikono iko kiunoni.

"Umwambie Firmin, aksanti sana. Na kile chumba, aweke mbuzi."